Usiulize Ilikuwaje, Andika Pole Tu

Ujauzito wangu wa pili uliharibika ukiwa na wiki 17, hapa Nakivale, upande wa Rubondo. Nasema wiki 17 kwa sababu hapo ndipo shida ya kutangaza inapoanzia. Ingekuwa wiki sita ningenyamaza, mimi na bwana yangu na mkunga tu. Lakini tumbo lilikuwa limeshaonekana. Wasichana wa kikundi ninachofanya nacho kazi walikuwa wameanza kuninyang'anya viti nisivibebe. Kwaya ilijua, muuza mkaa alijua. Ukikaa kimya na tumbo likapotea, watu watajaza wenyewe pale ulipoacha wazi, na sisi Wakongomani tunajua watajaza nini.

Hapo tofauti ni herufi moja. Mimba kutoka ni ugonjwa na huzuni. Kutoa mimba ni kesi. Uganda mtu anaweza kufungwa kwa hilo, na hata asipofungwa, jina litamfuata mpaka kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo nilitaka maneno yatoke kwangu kabla hayajatoka kwingine, tena yawe machache, chini ya picha moja, kwenye stetasi ya Wasapu ambayo baada ya saa 24 inajifuta yenyewe.

Bwana yangu ndiye aliyeandika mara ya kwanza. Aliandika: "Tumempoteza mtoto wetu." Ni maneno ya kweli, na mimi moyoni ndivyo ninavyosema. Lakini tuko na Neema, ana miaka mitatu, na ndiye mtoto ambaye kila mtu anamjua. Nilimwambia, "Baba Neema, ukituma hivyo, saa mbili hazipiti wamama watakuwa hapa na mikeka, wanalilia Neema, na yeye anacheza mlangoni." Akafuta.

Akaandika tena: "Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Mtuombee." Hiyo nayo nilijua itazaa nini. Kwetu ukisema mtuombee bila kusema wapi, wanakuja kuombea nyumbani, na maombi ya nyumbani yanaweza kukesha. Maombi yenyewe siyakatai. Lakini nilikuwa bado natoka damu, na mkunga alikuwa amenionya kwamba mimba ikifika mwezi wa nne, maziwa yanaweza kuja baada ya siku mbili tatu, kama vile mtoto yupo. Yalikuja siku ya tatu. Nilikuwa naweka kitambaa cha maji baridi kifuani na kubadilisha blauzi, na sikutaka kubadilisha blauzi mbele ya watu ishirini.

Picha pia ilitusumbua. Alikuwa na ile ya mshumaa kwenye giza. Mshumaa kwa watu wetu ni tangazo la maiti, mtu atauliza mazishi saa ngapi kabla ya kusoma. Tukapiga picha ya mkeka wetu barazani, mchana, hakuna mtu juu yake. Haisemi kitu, na ndiyo maana tuliichagua, ili mtu ashuke asome maneno.

Maneno tuliyotuma ni haya:

"Ndugu, ujauzito wetu wa miezi minne umeharibika Jumatano usiku. Mama Neema yuko nyumbani, anapona. Neema ni mzima. Hakuna matanga, hakuna michango. Tunaomba msipige simu na msiulize ilikuwaje. Mwenye neno aandike pole tu, tutasoma wote wawili hata tusipojibu."

Tuliandika ujauzito kwa sababu mimba, kwa masikio ya wazee wetu, ni neno kavu. Tukaandika umeharibika ili isiwepo nafasi ya ile herufi moja. "Anapona" imewekwa mapema, kwa sababu mtu akisoma habari ya damu swali lake la kwanza ni kama mama yuko hai, na usipolijibu atapiga simu hata kama umemkataza. Ile ya matanga na michango iliwafungua watu mzigo. Kuna mama hapa angekopa ili asije mikono mitupu. Na sentensi ya mwisho, mimi ndiyo niliyoing'ang'ania zaidi. Ukimwambia mtu usifanye hiki, usifanye kile, anakaa mbali na anafikiri umekasirika. Mpe kitu kidogo anachoweza kufanya amelala kitandani kwake.

Kabla ya kutuma, bwana yangu alimpigia mama yake kule Baraka. Mama mkwe hasomi msiba wa mwanawe kwenye stetasi, hiyo ni adabu tu. Halafu tukachagua nani aone. Pale kwenye faragha ya stetasi kuna `My contacts except...` na kuna `Only share with...`. Ya kwanza unawatoa wale usiowataka, na lazima utasahau mmoja. Tulitumia ya pili, tukahesabu watu 61. Tukatuma Jumamosi jioni, wakati wengi wananunua mega, ili Jumatatu nikirudi kwenye kikundi nisikute mtu wa kuniuliza tumbo liko wapi.

Haikuzuia kila kitu. Mama mmoja wa mtaani alikuja Jumapili, akakaa, akaniuliza nilikunywa dawa gani. Yeye hakuwa kwenye wale 61. Mtu alikuwa amepiga picha ya kioo na kumwonyesha, na Wasapu haikuambii mtu akifanya hivyo. Nilimrudishia maneno yaleyale ya stetasi kwa mdomo, na kwamba mkunga amesema mara nyingi sababu haionekani, na ndoo ya maji haiharibu mimba. Aliondoka hajaridhika. Baada ya hapo jirani yangu Mama Riziki, ambaye hana simu kabisa, aliyashika maneno yale kichwani, na kila aliyepita kuelekea kwetu alimsimamisha na kumwambia. Alikuwa anayasema sawasawa kama yalivyoandikwa, mpaka "hakuna michango".

Walioandika walikuwa 44. Wengi "pole". Wachache waliandika "poleni", na bwana yangu aliziona hizo kabla yangu, akanionyesha moja moja. Watu walikuwa wamempa mkono mimi nikiwa nimelazwa, lakini hakuna aliyekuwa amempa pole. Asubuhi moja tulikuta mayai sita mlangoni, kwenye kopo, hakuna aliyebisha hodi. Na usiku wa manane mama mmoja wa kanisani, mtu mzima, ana wajukuu, aliandika: "Pole. Mimi pia, Fizi, nikiwa msichana. Wewe ndiye wa kwanza kumwambia." Sikujua nijibu nini. Nilikuwa nimeahidi kwamba tunaweza tusijibu, lakini hiyo nilijibu. Niliandika pole.

Miezi miwili baadaye msichana wa kikundi chetu, miaka 19, hana mume, alikuja kuniomba nimsaidie kuandika kama yangu. Nilimwambia stetasi si yake. Kwa mwanamke aliyeolewa maneno yanapita, kwake kila mmoja angeuliza baba ni nani, na swali hilo huwezi kulifunga kwa sentensi moja. Tukatafuta watu ambao hawawezi kuuliza. Wakapatikana watatu, tukahesabu na dada yake wa Mbarara. Picha hatukuweka. Wiki hatukutaja. Aliandika mwenyewe, mimi nilishika simu tu asiifute:

"Nilikuwa na ujauzito, umeharibika. Napona. Usiniulize. Kesho saa moja asubuhi naenda kuchota maji, kama unaweza njoo twende wote."

Walikuja wawili. Wa Mbarara alituma pesa ya sabuni.