Nyota Moja, Wawili Wanaitaka: Kilichotokea Kilosa Usiku wa Mkesha

Mkesha wa Krismasi wa 2025, Magomeni ya Kilosa (siyo ile ya Dar), kaka na dada waligombania nyota ya mti mpaka jirani akaja kuchungulia dirishani. Na siyo watoto hao. Kaka mtu ana miaka 27 na ndevu zake, anauza simu Kariakoo. Dada mtu ana 21, ndiye anayesimamia genge la mama yao.

Nyota yenyewe ukiiona unaweza kucheka. Ni waya uliokunjwa pembe tano, katikati kumefungwa kipande cha bati la kopo la mafuta ya kupikia. Baba yao aliitengeneza kwa mkono, kaka mtu akiwa na miaka mitano. Kila mkesha baba alikuwa anambeba mabegani, dogo ananyoosha mkono, anaivalisha nyota kwenye ncha ya mti, nyumba nzima inapiga makofi. Hata alipokuwa mkubwa wa kufika mwenyewe, kazi ilibaki kuwa yake.

Baba akafariki 2022. Kaka alikuja kwenye msiba, akazika, akarudi Dar. Krismasi ya mwaka huo hakuja, iliyofuata hakuja, na ya 2024 pia hakuja, ingawa treni ya umeme ilishaanza kupita Kilosa na hakuna tena kisingizio cha kuzunguka na basi kupitia Dumila. Sababu ilikuwa ile ile: Desemba ndiyo msimu wa biashara, bosi haachii mtu. Miaka yote hiyo mitatu nyota ilipandishwa na dada.

Sasa 2025 kaka katokea jioni ya tarehe 24 na begi lake mgongoni. Mama kafurahi, wali uko jikoni. Mti umeshasimamishwa sebuleni, tawi kubwa la mvinje ndani ya ndoo ya lita 20 iliyojazwa kokoto na mchanga wa mto Mkondoa. Kaka kunawa mikono tu, akaiona nyota juu ya meza, akaichukua.

"Kaka, hiyo iache," dada akasema.

"Niiache kwa nini? Hii si kazi yangu siku zote?"

"Ilikuwa kazi yako."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kaka akasema yeye ndiye mkubwa na nyota ilitengenezwa kwa ajili yake, dada alikuwa hata hajazaliwa. Dada akajibu kwamba mkubwa ni yule anayekuwepo. Kaka hakumjibu. Akavuta stuli, akapanda, akaivalisha nyota kwenye ncha ya mti kama zamani.

Nyota ikasimama sekunde mbili, kisha ncha ikainama taratibu kama fimbo ya kuvulia samaki, nyota ikadondoka sakafuni. Pembe moja ikapinda.

Ukweli ni kwamba kaka alikuwa hajui kitu. Ncha ya mvinje ni laini, haiwezi kubeba hata bati jepesi. Siku zote baba ndiye aliyekuwa anaiandaa mapema kabla ya kumbeba mtoto, kwa hiyo mtoto alikuwa anakuta kazi imeisha. Dada aliijua siri hiyo kwa sababu Krismasi ya kwanza bila baba nyota ilimdondokea mara nne, mpaka akakaa chini kuuchunguza mti wa mwaka uliopita uliokuwa umetupwa nyuma ya nyumba. Akakuta ufito wa mwanzi bado umefungwa kwenye shina.

Akamwonyesha kaka yake. Unachukua ufito mwembamba wenye urefu wa mkono, unaulaza sambamba na shina, unafunga sehemu mbili. Ya kwanza ni chini, pale shina linapoanza kuwa gumu, na hiyo ndiyo inayobeba uzito. Ya pili ni juu karibu na ncha, ya kuzuia tu usiyumbe. Kamba iwe ya katani, maana ya nailoni inateleza kwenye gome, na Kilosa ya mashamba ya mkonge katani utaikosaje? Halafu nyota inavalishwa kwenye ufito, siyo kwenye mti. Ukiutikisa mti kidogo na nyota ikayumba pamoja na shina, umefunga vizuri. Ikiyumba peke yake, fungua urudie.

Kaka alikaa kimya muda mrefu akiinyoosha ile pembe iliyopinda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua ananibeba tu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Watoto wakamtazama aamue. Akakataa. "Mimi siamui. Mkishindwa, mti ukae bila nyota, na wageni wakiuliza mtawajibu wenyewe."

Kaka akatoa wazo la kwanza: washike wote wawili kwa pamoja. Dada akakataa, akasema huko ni kupiga picha tu, na kesho kutwa yeye atabaki na mti wake. Wazo la pili likatoka kwa dada. Katika nyumba ile nyota ina kazi mbili, kupanda na kushuka. Inashushwa Jumapili ya kwanza ya mwaka, wakishatoka kanisani, na anayeishusha ndiye anayeitunza mpaka Desemba. Miaka yote mitatu kazi hiyo pia aliifanya yeye.

"Mwaka huu naipandisha mimi," akasema. "Wewe utaishusha, utaondoka nayo Dar. Krismasi ijayo utaipandisha wewe, mimi nitaishusha. Anayeishusha anaitunza, na aliyeitunza ndiye anayeipandisha."

Linasikika dogo, ila lipime. Kaka alikuwa amepanga kuondoka tarehe 27, na Jumapili ya kwanza ilikuwa Januari 4. Ilibidi ampigie bosi usiku ule ule, na bosi akamkubalia kwa sharti la kumkata siku hizo kwenye mshahara. Dada naye alikuwa anaitoa nje ya nyumba alama pekee ya baba, anamkabidhi mtu ambaye Krismasi tatu zilimpita. Mwaka huu asipotokea, mti utakaa kichwa wazi.

"Na nisipopewa ruhusa?" kaka akauliza.

"Basi utakuwa na nyota bila mti. Utaitundika dukani kwako."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Kaka akaufunga ufito mwenyewe, dada akimsahihisha fundo la chini lililokuwa limelegea. Kisha dada akapanda stuli akaivalisha nyota. Wakautikisa mti. Nyota ikayumba pamoja na shina.

Januari 4, 2026 walipotoka kanisani kaka aliishusha, akaizungushia kanga kuukuu ya mama, akaiweka juu kabisa kwenye begi ili isikandamizwe. Dada akamsindikiza stesheni. Hawakukumbatiana wala nini. Alimwambia tu, "Kaka, usiifungulie huko, bati litashika kutu na unyevu wa Dar."

Kwa hiyo nyota ya Kilosa sasa hivi iko Kariakoo, na mama ameshaanza kuhesabu miezi.

Haya, wewe ungekuwa upande gani? Timu kaka, aliyetengenezewa nyota, au timu dada, aliyejifunza kuisimamisha?