Mashini namba 4 ilizunguka bila nguo

LIÈGE, Ubelgiji – Jumamosi jioni, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Masisi alibeba mfuko wa nguo chafu hadi kwenye nyumba ya kufulia nguo kwa sarafu, karibu na chumba anachopanga. Alikuwa na siku 12 tu tangu kufika. Jumatatu asubuhi alipaswa kujieleza mbele ya walimu, na shemizi yake nyeupe ilikuwa moja tu. Ndani ya mfuko kulikuwa pia kikwembe chekundu ambacho mama yake alimkatia nusu siku ya kuagana. Nusu ya pili mama alikimbia nayo vita, na sasa anajifunika nayo katika familia iliyompokea Goma.

Ndani hakukuwa na mlinzi wala muuzaji. Mashini zilipangwa kando ya ukuta, na sanduku moja ukutani ndilo linapokea feza za mashini zote. Kijana amezoea franga za karatasi. Sarafu aliziangalia moja moja kama vifungo. Alijaza nguo, akafunga mlango, akaingiza euro 5, akabonyeza namba 4.

Mashini yake ilinyamaza. Mbele kidogo, mashini nyingine isiyo na nguo ikaanza kuvuta maji na kuzunguka. Alikuwa amehesabu kutoka mlangoni, kumbe namba imeandikwa juu ya kila mashini, na yake ilikuwa 7. Alikimbia kuhamisha nguo, lakini maji yakishaingia mlango hujifunga wenyewe. Sanduku halirudishi feza.

Alibakiwa na euro 5 na senti 50. Ili asilipe mara mbili, alisukuma nguo zote ndani ya namba 7 kwa goti: shemizi, suruali, shuka, triko la sufu na kikwembe. Kisanduku cha sabuni kilikuwa na vyumba vitatu, naye akajaza vyote. Mwishoni alichagua maji ya 90, kwa sababu nyumbani nguo chafu sana huchemshwa.

Baada ya saa moja na zaidi alifungua. Triko lilikuwa limebanana, lingemtosha mtoto wa miaka sita. Katikati ya shuka palibaki pakavu. Kila nguo iliteleza kwa sabuni. Shemizi ilikuwa ya waridi.

Alipoelekea mashini ya kukausha na senti 50 zake, alikuwa anajisemea kwa Kiswahili. Mama mmoja aliyekuwa anakunja shuka zake akageuka.

– Mtoto wangu, unagombana na nani?
– Na hii mashini, mama.
– Usikaushe kwanza. Joto litaishikisha ile rangi, haitatoka tena.

Mama huyo, mwenyeji wa Bukavu, alimwonyesha makosa yake moja moja. Mashini hufula kwa kuinua nguo na kuziangusha majini. Ikijaa sana, nguo hazianguki. Juu ya nguo kiganja kilichosimama lazima kipite. Sabuni huwekwa kwenye chumba chenye alama II, na kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Chumba chenye alama ya ua ni cha dawa ya kulainisha, na maji hukipitia wakati wa kusuuza mwisho. Ndiyo sababu sabuni aliyoitia humo ilibaki katika nguo. Sufu haivumilii joto na msuguano pamoja: nyuzi zake hushikana, na hazirudi.

– Na kikwembe, nyumbani mulikifula namna gani?

Kijana akanyamaza. Jibu alilijua tangu utoto: maji baridi, peke yake, hasa kama bado kipya. Kwa beseni asingekosea. Mbele ya mashini alidhani yenyewe inajua.

Usiku ule aliloweka shemizi ndani ya beseni, na sabuni na maji ya uvuguvugu, akabadilisha maji mara nne hadi rangi ikaacha kutoka. Waridi kidogo ilibaki chini ya kola. Jumatatu aliivaa chini ya koti la kuazima, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Walimu walimuuliza juu ya masomo tu.

Kikwembe ndicho kilimsumbua zaidi, kwa sababu kilipauka. Siku mbili hakumpigia mama simu. Alipompigia na kumweleza yote, hadi namba 4, mama alicheka mpaka watoto wa ile nyumba wakaja kuuliza kuna nini. Kisha akasema nusu yake pia imepauka, kwa mvua na jua la njiani.

– Sasa vinafanana tena, akamwambia. Lakini wewe, maji ya moto kwa kikwembe, nani alikufundisha?