Sikujua Nini?

Mwaka wa kwanza, kipindi cha kwanza cha mofolojia, mhadhiri alikuwa anaita majina kutoka kwenye orodha. Alipofika kwangu akasita. "Sikujui," akasoma, kisha akainua macho. "Na mimi sikujui. Nani huyu?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikanyoosha mkono: "Nipo mwalimu, ila siyo Sikujui. Ni Sikujua." Mtu wa nyuma akadakia, "Sikujua nini sasa?" Basi, mpaka leo wapo wanaoniita Sikujua Nini, utadhani hilo la pili ndilo la ukoo.

Kosa lile halikuwa la mhadhiri. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Sikujua. Cheti cha kidato cha nne kinasema Sikujui, kwa sababu mtu mmoja aliyejaza fomu zetu za usajili aliandika i mahali pa a, na mimi nikiwa na miaka kumi na sita nikasaini bila kusoma vizuri. Herufi moja tu. Herufi hiyo ilinifanya nitafute wakili, nile kiapo, nilipie hati, na maombi yangu ya mkopo yakakaa yakinisubiri. Wakili alicheka kidogo halafu akaandika kwamba Sikujua na Sikujui ni mtu mmoja. Kisheria sawa. Kisarufi, hapana kabisa!

Tuligawe jina. Sikujua: si-ku-ju-a. Hiyo si- ni nafsi ya kwanza umoja katika ukanushi, yaani "mimi" na "hapana" vimeshikana humo humo. Ku- ni alama ya wakati uliopita katika ukanushi. Ju- ni mzizi, na -a ya mwisho imebaki vilevile. Sasa tazama Sikujui: si-ku-ju-i. Hapa -i ya mwisho ndiyo inayobeba ukanushi wa wakati uliopo, hivyo ile ku- haiwezi tena kuwa alama ya wakati uliopita. Imegeuka kuwa "wewe". Kwa hiyo jina la kwanza ni mtu anayekiri kwamba jambo fulani lilimpita. La pili ni mtu anayemkana mwenzake usoni. Ku- ni ileile kwa macho, ila kazi yake unaijua ukifika mwisho wa neno.

Nilipoonyesha hesabu hii bwenini, mwenzangu mmoja aliuliza, "Na Sikudhani je?" Huku kwetu Kusini na pwani yote jina hilo lipo sana, wengine wanaliandika Sikuzani. Swali lake lilinitesa siku mbili. Dhani ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, na vitenzi vya namna hiyo havibadilishi irabu ya mwisho. Tunasema nadhani, sidhani, sikudhani, mwisho ni -i ileile daima. Kwa hiyo Sikudhani inaweza kuwa "sikutarajia", na inaweza pia kuwa "sikushuku wewe", kwa maana ile ya kumdhani mtu wizi. Kwenye jina langu irabu inakuokoa. Kwenye jina hilo irabu imenyamaza, na hakuna mtihani wa sarufi utakaokupa jibu. Lazima umuulize aliyelitoa.

Hata mimi sijatoka salama. Kuna si nyingine, ambayo siyo "mimi" wa aina yoyote. Hiyo ni kinyume cha ni. Ndiyo iliyomo kwenye Siwema, Siwatu, Siajabu. Kipimo chake ni rahisi: ng'oa si, weka ni, uone kama maneno yanasimama. Ni wema, ni watu, ni ajabu, yote yanasimama. Sasa jaribu kwangu: ni kujua. Nalo linasimama! Maana yake jina langu laweza kusomwa "si kujua", siyo suala la kujua. Na usiende mbali ukaona si kila mahali: Siti halimo kwenye kundi hili, hilo ni neno la heshima kwa mwanamke lililotoka kwenye Kiarabu, halina si ya kukatalia chochote.

Likizo iliyofuata nikaenda nyumbani Likawage. Nilimkuta mama anapepeta ufuta. Nikakaa pembeni nikamweleza habari za viambishi, akasikiliza kwa adabu kama anavyosikiliza watu wa semina za kilimo. Nilipomaliza nikamuuliza: mama, anayesema "sikujua" ni nani? Maana maisha yangu yote nilidhani ni mimi. Nilidhani nimepewa jina la mjinga, mtu anayeanza maisha kwa kujitetea.

"Wewe ungesemaje na ulikuwa huna hata jino?" akasema. "Ni mimi."

Akanieleza. Alikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto. Mawifi walishasema ya kusema, na mmoja alishaanza kumtafutia baba mke mwingine. Mimba yangu ilipotimia miezi mitano ndipo yeye mwenyewe alipoitambua, kwa kuwa alishaacha kuhesabu siku. Wifi akaja juu: kwa nini umetuficha? Mama akajibu, "Sikujua." Hawakumwamini. Nilipozaliwa wakauliza mtoto aitwe nani, akawapa jibu lilelile. Kila walipotaka kuniita, iliwabidi walirudie wao, kwa midomo yao.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa sikioni ubaoni. Jua ni kitenzi kinachotaka yambwa, unajua kitu. Katika jina langu yambwa haipo, na yule mtani wa ukumbini alikuwa anauliza swali halali kabisa: nini? Jina limekatwa makusudi, kama maandishi ya kanga. Tena maandishi yale nayo tunayaita jina, jina la kanga. Mama anavaa, jirani anasoma, na hakuna anayeweza kumshitaki mwenzie kwamba kasemwa.

Msikilizaji wakati mwingine amewekwa waziwazi. Semeni ni sem-e-ni, na hiyo -ni ya mwisho ni ninyi, wengi. Mtoto ni mmoja lakini jina linaongea na kijiji. Washona wa Zimbabwe wana Tendai, ambamo -i ya mwisho inafanya kazi kama -ni yetu. Ila usikimbilie kusema "tendeni": kwao tenda ni kushukuru, kwa hiyo ni "shukuruni". Banyankole wa Uganda wana Tumusiime, tu-mu-siim-e, "tumshukuru". Viungo vinafanana na vyetu mpaka unajiamini kupita kiasi, halafu mzizi unakuangusha.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha. Siku ya kwanza naita majina kidato cha pili, nikafika kwa Siwatu. Darasa likacheka, yeye akainamisha kichwa. Nilikijua kicheko kile. Nikaandika jina langu ubaoni, nikaligawa, nikawapa kazi ya nyumbani: kila mwenye jina linalosema kitu aulize nani alikuwa anamwambia nani.

Kesho yake walirudi na hadithi, nyingine ndefu kuliko kipindi. Siwatu alisubiri wenzake watoke, akaja mezani.

"Bibi kasema hao ambao si watu wengine bado wapo hai, madam, na ni majirani. Kasema nitaambiwa nikiolewa."

Nikampa alama zote.