Saa Nzima Nikirudia Kosa Lile Lile

Marehemu baba yangu aliniachia ilimba yake, nami nikaahidi kuipiga katika arusi ya binti yangu. Kwa miezi miwili, kila jioni nikirudi kazini hapa Dodoma, niliketi uani saa nzima nikipiga wimbo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Kila nilipofika mahali wimbo unaposhuka, gumba la kushoto lilichelewa likagusa ulimi wa chuma wa jirani. Nami nikaendelea tu. Mke wangu alilijua kosa lile hata akawa anaguna kabla sijalifikia.

Mwalimu mmoja wa muziki ndiye aliyenieleza uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 huko Teksasi, Marekani. Wanafunzi 17 wa piano walipewa kipande kifupi kigumu, wakajifunza kwa muda waliotaka wenyewe, na kesho yake wakapimwa. Waliopiga vizuri zaidi hawakuwa wale waliotumia muda mrefu wala waliorudia mara nyingi. Tofauti yao ilikuwa hii: walipokosea walisimama papo hapo, wakatafuta kosa liko wapi hasa, wakapunguza mwendo, wakarudia mahali hapo mpaka pakanyooka.

Nilihesabu yangu. Wimbo huchukua dakika nne. Basi katika saa nzima nilipita mahali pale mara 15, na mara zote 15 nilikifundisha kidole kukosea.

Sasa natumia nusu saa. Dakika tano za kwanza nazoeza vidole kwa kipande nikijuacho. Kisha dakika 15 ni za sauti nne tu: mbili kabla ya kosa, lenyewe, na moja baada yake. Naanza polepole mno, mwendo ambao siwezi kukosea. Nikipata sawasawa mara tatu mfululizo naongeza mwendo kidogo. Nikikosea narudi nyuma. Dakika zilizobaki napiga wimbo wote, maana kipande kilichonyooka peke yake huweza kuvunjika kikiunganishwa na vingine. Magumba yakianza kuuma naacha, hata kama muda haujaisha.

Usidanganyike na uzuri wa jioni. Baada ya kurudia mara 20 kila mtu hupiga vizuri. Kipimo changu ni jaribio la kwanza la kesho yake, kabla vidole havijapata joto.

Wako wanaosema saa nyingi ndizo zinazomfanya fundi, wakitaja utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 juu ya wapiga fidla wa Berlin. Lakini utafiti huo uliporudiwa mwaka 2019, wapigaji bora hawakuonekana kuwa na saa nyingi kuliko wale wazuri tu waliowafuatia.

Arusi imebakiza majuma matatu. Mahali pale sasa napita salama. Mke wangu amepata pengine pa kuguna, nami kesho naanzia hapo.