Bango Tulilolitundika Wenyewe



Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Sisi watatu tunaoshona pamoja Kilwa Masoko tulibaki tukisubiri vitambaa, na kila aliyeingia dukani alizungumzia maji.

Hofu ikiwa bado mbichi, akaja wakala wa bima. Alitaka tutundike bango lake karibu na kioo cha kujipimia, na kila atakayejiunga kupitia kwetu tupate chochote. Lilikuwa na picha ya mtoto amesimama juu ya kitanda, maji yamefika kwenye godoro, na maneno: "Wanao watalala wapi?" Tukalitundika. Karatasi za bima hatukuzisoma.

Jirani yetu mmoja alikuja kupima gauni na mjukuu wake. Mtoto alilitazama bango, akauliza, "Bibi, na sisi maji yatatuchukua?" Bibi hakujibu. Siku ileile alilipa ada.

Masika yaliyofuata maji yaliingia kwake, godoro na mchele vikaloa. Alipodai fidia akaambiwa bima yake ni ya moto. Tukaisoma hati pamoja naye, tumechelewa: inalipa moto, radi na mlipuko. Mafuriko na dhoruba huongezwa kwa ada ya ziada, na lazima yaandikwe kwenye hati. Kwake hayakuandikwa.

Wakala hakutamka kwamba mafuriko yamo. Picha ndiyo iliyotamka, na sisi tukaipa ukuta. Tulikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) na muuza nafaka aliyeweka kavu juu, iliyolowa chini. Senti zetu tulimpa yule bibi, lakini hazikufika bei ya godoro.

Hatusemi tangazo la bima lisitaje hatari. Mafuriko yapo, na anayetuonya anatusaidia. Mpaka tuliouvuka ni huu: kinachotishia kwenye picha lazima kiwe ndicho kinacholipwa kwenye hati. Kwa hiyo sasa, kabla ya kutundika, tunaomba hati na kutafuta sehemu mbili, majanga yanayofidiwa na yale yasiyofidiwa. Picha ikiwa ya maji na maji hayamo, bango linarudi. Tunauliza pia kama wakala amesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Na picha ya mtoto aliye hatarini hatuiweki tena wanapopita watoto. Mtoto hanunui bima. Anabeba hofu tu mpaka kitandani, na bibi hulipa ili amtulize.

Halafu tukatazama tangazo letu wenyewe la nguo za Idi: "Usikubali mwanao alie siku ya Idi." Lilikuwa mlangoni, kimo cha watoto wanaotoka madrasa. Tumelibandua. Sasa limeandikwa bei, vipimo na siku ya mwisho ya kupokea kazi.