Barua kwa Mjukuu Wangu Wanayemwita Dishi

Mjukuu wangu,

Huku kijijini hatujambo. Mke wetu, yaani bibi yako, anakusalimu na anauliza utakuja lini kunisaidia kumtunza.

Mama yako amenipigia simu. Anasema huko Bariadi mjini wenzako darasani wanakuita Dishi, kwamba juzi umekaa nyumbani siku mbili bila kuumwa, na kwamba usiku unalala umejifunga kitambaa kichwani ili masikio yalale. Mambo haya hayatoshi kwenye simu, salio linakata katikati. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na kitambaa. Kifungue. Sikio ni gegedu lililofunikwa ngozi. Kwa mtoto mchanga wa wiki chache gegedu hilo bado laini, na wataalamu wanaweza kulikunja likakubali. Wewe una miaka 10, limekwisha kukaza. Utafunga mwezi mzima, utapata kidonda nyuma ya sikio, na siku ukifungua litarudi palepale.

Nenda kwenye kioo uangalie. Ndani ya ukingo wa nje wa sikio, watu wengi wana tuta la pili, nalo ndilo linalolikunja sikio liegemee kichwa. Kwako tuta hilo ni hafifu, basi sikio limesimama kama mlango ulioachwa wazi. Hakuna ugonjwa hapo. Ni mkunjo uliopungua, umetoka kwangu ukapitia kwa baba yako. Wapo madaktari wanaoweza kuutengeneza kwa upasuaji, na ukikua ukataka kuwauliza, uliza. Lakini ujue kwanza kwamba sikio huwahi kukua kuliko kichwa. Mtoto wa miaka sita tayari ana sikio linalokaribia la mtu mzima, wakati uso na taya bado vina safari ndefu. Sasa hivi unaona masikio yamekutangulia. Kichwa kinakuja.

Halafu hilo jina. Dishi juu ya bati linafanya kazi kwa sababu limepinda: mawimbi yanaligonga, yanakusanyika mahali pamoja. Sikio nalo hukusanya sauti, na linafanya jambo moja zaidi. Kulia na kushoto tunakujua kwa kuwa na masikio mawili, kwani sauti hufika kwa moja kabla ya jingine. Ila mbele na nyuma, juu na chini, hutambuliwa kwa jinsi sauti inavyogongagonga kwenye yale mabonde na matuta ya sikio kabla ya kuingia. Jaribu: punguza redio hadi isikike kwa mbali, kisha weka viganja nyuma ya masikio kama vikombe. Umesikia? Umejiongezea dishi. Usije ukasema basi wewe unasikia kuwashinda wenzako. Tofauti yako na yao ni ndogo mno. Nataka tu ujue wanachokucheka ni chombo cha kazi.

Huku kwetu upande wa Serengeti yuko mnyama anaitwa bweha masikio. Mwili wake mdogo kama paka mnene, masikio yake marefu kuliko kiganja chako. Chakula chake kikubwa ni mchwa. Anatembea usiku ameinamisha kichwa, masikio yameelekea chini, anasikiliza wadudu kwenye nyasi na udongoni. Mpunguzie masikio uone kama atashiba.

Sasa la shuleni. Sisi Wasukuma tunajua utani, na wewe na mimi ni watani tangu ulipozaliwa. Mimi nakuambia huna meno, wewe unaniambia kaburi linaniita, tunacheka, tunakula. Utani una njia mbili. Anayekutania lazima akubali kutaniwa. Basi atakayekuita Dishi, mjibu: "Ndiyo, na chaneli yako haina picha." Akicheka, huyo ni mtani, mpe mkono. Akikasirika, au wakiwa kumi wanakuimbia huku wewe uko peke yako, huo si utani. Mwambie mama yako, aende kwa mwalimu wa darasa.

Na mkono ukigusa sikio, hapo hakuna mjadala. Kofi la sikioni linaweza kupasua ngoma ya ndani. Ukipigwa ukasikia mlio usioisha, au sikio likavimba, au likatoa maji au damu, sema siku hiyohiyo mpelekwe hospitali. Usilifiche kwa kofia.

Jumatatu nenda shule. Likizo ukija, leta rula. Sikio la mtu huendelea kurefuka hadi uzeeni, chini ya robo ya milimita kwa mwaka. Mimi nina miaka 71, hivyo bado nakushinda, na mke wetu hajawahi kulalamika.

Babu yako