Jinsi Kompyuta Inavyojifunza Kusoma Mwandiko

Katika Kiswahili tunatofautisha maandishi na mwandiko. Maandishi ni yale yaliyoandikwa, ilhali mwandiko ni namna mkono wa mtu fulani unavyoandika. Barua mbili zaweza kuwa na maandishi yaleyale na miandiko isiyofanana hata kidogo. Nilipotakiwa kuwaeleza wanafunzi wangu wa sekondari hapa Kampala jinsi kompyuta inavyosoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, nilianzia kwenye tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha tatizo. Umbo la 7 katika kitabu kilichopigwa chapa ni moja. Umbo la 7 katika madaftari ya wanafunzi arobaini ni arobaini.

Niliwaomba wachore kwenye karatasi kisanduku chenye miraba 15: mitatu kwa upana na mitano kwa urefu. Tarakimu 1 tuliiandika kwa kutia weusi miraba yote mitano ya safu ya katikati. Tarakimu 7 ilipata mstari wote wa juu, kisha safu ya kulia mpaka chini. Jumla miraba saba. Kompyuta haioni zaidi ya hayo. Kwake mwandiko ni orodha ya miraba, huu mweusi, ule mweupe.

Sasa kila mraba tuupe namba tutakayoiita uzito. Mwanzoni uzito wote ni sifuri, maana mashine haijui lolote. Ikionyeshwa tarakimu, inajumlisha uzito wa miraba myeusi tu. Jumla ikizidi sifuri, inasema ni 7; ikipungua sifuri, inasema ni 1; ikiwa sifuri kamili, haijaamua, nasi twahesabu kuwa imekosa. Kila ikikosa, inasahihishwa hivi: kama jibu sahihi lilikuwa 7, kila mraba mweusi unaongezewa moja, kama lilikuwa 1, kila mraba mweusi unapunguziwa moja. Ikipatia, haiguswi.

Tukaanza. Tuliionyesha 1, jumla ikawa sifuri, kwa hiyo miraba mitano ya katikati ikashuka hadi -1. Tukaionyesha 7, mraba wa juu katikati ulikuwa na -1, mashine ikadai ni 1. Tukasahihisha: miraba saba ya 7 ikaongezewa moja. Baada ya masahihisho mawili tu, 1 ilipata jumla ya -4 na 7 ilipata 6. Zote sahihi, na darasa likafurahi.

Ndipo mwanafunzi mmoja akaandika 1 yake upande wa kulia wa kisanduku, kama mtu mwenye haraka afanyavyo. Jumla ikawa 5, na mashine ikasema ni 7. Mnaona kilichotokea? Mashine ilikuwa imejifunza kuwa weusi wa kulia ni dalili ya 7, kwa kuwa mifano yote iliyowahi kuiona ilikuwa hivyo. Tukaiongeza 1 ya kulia katika mifano, tukairudia mifano yote mitatu kwa zamu, raundi baada ya raundi, tukisahihisha kila kosa, mpaka makosa yakaisha. Uzito wa mwisho ulikuwa huu:

```
 4  3 -1
 0 -1 -1
 0 -1 -1
 0 -1 -1
 0 -1 -1
```

Hebu tuusome. Mguu wa kulia, uliodhaniwa kuwa alama ya 7, sasa unahesabiwa kuwa dalili ya 1. Kinachoitambulisha 7 ni kichwa chake, ile miraba miwili ya juu yenye 4 na 3. Hakuna aliyeiambia mashine jambo hilo. Limetokana na mifano na masahihisho peke yake. Hiyo ndiyo maana ya kusema kompyuta inajifunza.

Lakini wako watu wanaoandika 1 yenye kikono juu kushoto. Jumlisheni safu ya katikati pamoja na mraba wa juu kushoto: 4 na 3 ni 7, toa nne, inabaki 3. Mashine inasema ni 7. Kila mtindo mpya wa mwandiko waweza kuibua kosa jipya, na hii ndiyo sababu mifano mitatu haitoshi, bali inatakiwa maelfu.

Mkusanyo unaojulikana zaidi wa kazi hii ni MNIST, uliotayarishwa Marekani miaka ya 1990 na Yann LeCun na wenzake. Una picha 60,000 za kufundishia na 10,000 za kupimia, kila picha ikiwa na miraba 28 kwa 28, yaani 784. Picha zenyewe zilitoka katika Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya nchi hiyo, na zilikuwa mafungu mawili: moja liliandikwa na wafanyakazi wa Ofisi ya Sensa, jingine na wanafunzi wa sekondari. Taasisi ilikusudia mwandiko wa makarani ufundishie na wa wanafunzi upimie. LeCun na wenzake waliona kasoro: mwandiko wa makarani ulikuwa safi na rahisi kuutambua kuliko ule wa wanafunzi. Kwa hiyo waliyachanganya mafungu hayo nusu kwa nusu, wakahakikisha pia kwamba watu walioandika picha za kupimia si wale walioandika za kufundishia. Atakayepima mashine kwa mwandiko iliokwisha kuuona atasifu kumbukumbu yake, akidhani amesifu uwezo wake wa kusoma.

Je, jambo hili latuhusu vipi sisi raia? Katika Uganda, kama ilivyo kwa jirani zetu, matokeo ya kila kituo cha kura hujazwa kwa mkono katika fomu. Mwezi Agosti 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya iliweka hadharani picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, hata mwananchi yeyote akaweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Mtu akitaka kuzisomesha kwa mashine, aulize kwanza mashine hiyo ilifundishwa kwa mwandiko wa nani. Wengi wetu tunaikata 7 kwa kistari na kuitia 1 kikono. Kura 115 zikisomwa 175, mgombea amezawadiwa kura 60 ambazo hakuna aliyezipiga.

Kosa la namna hii lina njia ya kugunduliwa. Fomu ina jumla ya kura halali. Tarakimu za wagombea zilizosomwa zijumlishwe, na zisipolingana na jumla hiyo, fomu iwekwe kando isomwe na watu. Vilevile mashine haitoi jibu tu, hutoa na ile jumla yake. Katika zoezi letu, 1 ya katikati ilitambuliwa kwa -1 na ile ya kulia kwa -5. Zote ni sahihi, ila ya kwanza imeponea chupuchupu. Tarakimu zenye jumla iliyo karibu na sifuri ndizo za kukaguliwa kwa macho ya binadamu, hata kama mashine haijasita kuzitolea jibu.